Namna ya kujibu swali la insha la kuwalinganisha Marx na Weber kuhusu tabaka, hadhi na nguvu

Kila mitihani ikikaribia, maswali ni yale yale: "Marx na Weber wanatofautiana wapi hasa?", "Nguvu inaingia wapi?", "Niandike Marx kwanza halafu Weber, au niwachanganye?" Nimeyajibu mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niyaandike mahali pamoja. Nitashughulika na aina moja tu ya swali, ile inayotokea zaidi kwenye karatasi za sosholojia: "Linganisha mtazamo wa Karl Marx na Max Weber kuhusu utabaka wa kijamii." Wanafikra wengine nitawagusa pale tu wanapokusaidia kupata alama.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Huhitaji vitabu vingi. Jua maandiko manne na miaka yake. Kwa Marx ni Ilani ya Chama cha Kikomunisti (1848, aliyoandika na Engels), Brumaire ya Kumi na Nane ya Louis Bonaparte (1852), na juzuu la tatu la Mtaji, ambalo Engels alilichapisha mwaka 1894, Marx akiwa ameshafariki. Kwa Weber ni Uchumi na Jamii, iliyotoka baada ya kifo chake cha mwaka 1920. Ndani yake mna sehemu fupi inayozungumzia tabaka, kundi la hadhi na chama. Ukiielewa vizuri sehemu hiyo, umeshamaliza nusu ya kazi.

Pia uwe na mfano mmoja ulioutengeneza mwenyewe, wenye watu watatu au wanne, ambao utaupitisha kwa wanafikra wote wawili. Wangu uko kwenye hatua ya 5. Jifunze namna ya kuutumia, kisha tunga wa kwako.

Hatua ya 1: Safisha maneno yako ya Kiswahili

Hili vitabu vya kigeni haviligusi, na ndilo linalowaangusha wengi. Neno "tabaka" kwetu linabeba mizigo miwili. Mara linamaanisha ngazi yoyote ya watu katika jamii (la juu, la kati, la chini), mara linamaanisha kundi linalotokana na nafasi ya watu katika uchumi. Maana ya kwanza ni ya jumla mno. Maana ya pili ndiyo wanayobishania Marx na Weber. Ukianza insha kwa "tabaka la juu, la kati na la chini", umeshaondoka kwenye mjadala wao kabla hujaingia, kwa sababu Marx hapangi watu kwa urefu wa ngazi. Anawapanga kwa uhusiano wao na kile kinachozalisha mali.

Basi tumia "utabaka" kwa mfumo mzima wa kutokuwa sawa, "tabaka" kwa maana ya kiuchumi tu, na "hadhi" kwa heshima ambayo jamii inampa mtu au kundi. Usiseme "cheo" ukikusudia hadhi: cheo ni nafasi kazini, na mtu anaweza kuwa nacho bila heshima. Hali kadhalika tenganisha "nguvu" na "mamlaka". Kwa Weber, nguvu ni uwezekano wa mtu kutimiza matakwa yake hata wengine wakipinga. Mamlaka ni nguvu ambayo wanaotawaliwa wanaikubali kuwa ni halali. Jambazi mwenye bunduki ana nguvu. Hakimu ana mamlaka.

Fafanua maneno haya kwa sentensi mbili tatu kwenye utangulizi, basi. Hayahitaji ukurasa mzima.

Hatua ya 2: Chagua maswali ya kulinganishia kabla ya kuandika chochote

Insha dhaifu huwa na umbo moja: kurasa mbili za Marx, kurasa mbili za Weber, halafu aya moja ya mwisho inayosema "hivyo wanatofautiana". Hizo ni insha mbili zilizofungwa kwa kamba moja. Msahihishaji ameambiwa atafute ulinganisho na hauoni.

Dawa yake ni kuwauliza wote wawili maswali yale yale. Mimi hutumia manne:

Tabaka linatokana na nini? Je, watu wa tabaka moja ni kundi linalojijua? Heshima inasimama wapi? Nguvu inatoka wapi?

Kila swali liwe na sehemu yake kwenye insha, na ndani ya sehemu hiyo wote wawili wajibu. Yaandike pembeni mwa karatasi yako ya rafu kwa wima, chora safu mbili, kisha jaza kwa maneno machache. Kwa swali la dakika 45, kazi hii isizidi dakika saba.

Hatua ya 3: Jaza safu ya Marx

Kwa Marx, tabaka linatokana na nani anamiliki njia kuu za uzalishaji mali na nani hana cha kuuza ila nguvu zake za kazi. Bepari anamwajiri mfanyakazi, mfanyakazi anazalisha thamani inayozidi ujira wake, na ziada hiyo anaichukua bepari. Kwa hiyo matabaka hayako mbalimbali kama vidato vya ngazi. Yameshikana: moja linaishi kwa kazi ya lingine. Neno la kulishika hapa ni unyonyaji, nalo ni uhusiano wa kiuchumi, si ukatili wa tabia. Bepari mpole anayewasalimia wafanyakazi wake kila asubuhi bado anachukua ziada ile ile.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika kwamba Marx aligawa watu kwa kipato. Kuna jambo zuri la kulitaja dhidi ya kosa hilo. Sura ya mwisho ya juzuu la tatu la Mtaji, sura ya 52, inahusu matabaka yenyewe. Marx anayataja makubwa matatu (wafanyakazi wa ujira, mabepari na wamiliki wa ardhi) kisha anauliza ni nini kinachofanya tabaka liwe tabaka. Anasema kwamba kwa kutazama juu juu, jibu lingeonekana kuwa ni chanzo cha kipato. Halafu anaonyesha tatizo lake: kwa kigezo hicho madaktari na maofisa wa serikali nao wangekuwa matabaka mawili mbalimbali. Hapo mswada unakatika. Ukiandika hivyo kwa sentensi mbili, msahihishaji anajua kwamba umemsoma Marx mwenyewe na si muhtasari tu. Pia inakupa hoja ya tathmini: Marx hakuacha fasili iliyokamilika ya tabaka, na sehemu ya ugomvi wa waliomfuata inatokana na pengo hilo.

Je, watu wa tabaka moja wanajijua? Si lazima. Mfano wake bora ni wakulima wadogo wa Ufaransa katika Brumaire. Mamilioni ya familia zinaishi maisha yanayofanana, lakini kila moja inajilimia kipande chake na haina shughuli na nyingine. Marx anawafananisha na viazi ndani ya gunia: wamewekwa pamoja, ila hawajaungana. Kwa maana ya hali yao ya maisha, wao ni tabaka. Kwa maana ya kuungana na kutetea maslahi yao, si tabaka, na ndiyo maana wanahitaji mtu wa juu awasemee. Mfano huu ni wa thamani kwa sababu unaonyesha kwamba Marx alijua vizuri tofauti kati ya kuwa na hali moja na kuwa na mwamko wa kitabaka. Wengi humnyima sifa hiyo wakampa Weber peke yake.

Heshima na nguvu kwa Marx zinafuata umiliki. Katika Ilani, serikali ya kisasa inaelezwa kuwa ni kamati ya kuendesha mambo ya pamoja ya mabepari wote. Hata hivyo angalia: katika Brumaire yeye mwenyewe anaeleza serikali inayojitenga kiasi na mabepari na kujisimamia. Itaje kwa sentensi moja, usonge mbele.

Hatua ya 4: Jaza safu ya Weber

Hapa ndipo pana kosa ninaloliona kuliko yote. Wanafunzi wanaandika: "Marx ana kitu kimoja, tabaka. Weber ana vitu vitatu: tabaka, hadhi na nguvu." Sentensi hii imekaririwa mpaka inaonekana kweli, lakini si sahihi. Kitu cha tatu cha Weber ni chama. Nguvu si cha tatu, ni kile kinachogawanywa. Weber anaanza na swali la namna nguvu inavyogawanyika katika jumuiya, na tabaka, kundi la hadhi na chama ni njia tatu za mgawanyo huo. Chukua nguvu kuwa ni maji: tabaka, hadhi na chama ni mifereji mitatu.

Ukilishika hilo, mengine yanakaa sawa. Tabaka kwa Weber linatokana na hali ya mtu sokoni, yaani anacho nini cha kuuza au kukodisha na kinamletea fursa gani za maisha. Mali inahesabika, kama kwa Marx, na Weber anakiri kwamba kuwa na mali na kutokuwa nayo ndiyo migawanyo ya msingi. Ila ujuzi na elimu navyo vinahesabika. Kwa hiyo wasio na mali wanagawanyika kulingana na wanachoweza kutoa sokoni, na wenye mali wanagawanyika kulingana na aina ya mali yao. Matokeo yake ni kauli inayowashangaza wengi: mtumwa, kwa Weber, si mtu wa tabaka bali ni wa kundi la hadhi, kwa sababu haendi sokoni kuuza chochote, yeye mwenyewe ndiye anayeuzwa.

Tabaka kwa Weber kwa kawaida si jumuiya. Kundi la hadhi ndilo lililo jumuiya, ingawa mara nyingi bila umbo maalumu. Linajijua kwa namna ya kuishi: nani anakula na nani, nani anaoa kwa nani, kazi gani ni aibu kuifanya. Weber anaiweka tofauti hiyo kwa usemi rahisi kukumbuka: matabaka yanapangwa kwa uhusiano na uzalishaji na upatikanaji wa mali, makundi ya hadhi kwa namna ya kuitumia mali.

Chama kwake ni kundi lolote lililojipanga kwa makusudi kushawishi maamuzi ya pamoja, na linaweza kuwa ndani ya klabu au ndani ya dola. Linaweza kusimama juu ya tabaka, juu ya hadhi, juu ya vyote viwili au lisisimame juu ya chochote kati ya hivyo. Usikibane kwenye vyama vya siasa vya uchaguzi.

Hatua ya 5: Pitisha mfano wako kwa wote wawili

Chukua kiwanda kimoja. Kina mmiliki aliyetajirika karibuni, mhandisi mwenye mshahara mnono asiye na hisa hata moja, opereta wa mashine, na katibu wa chama cha wafanyakazi ambaye naye ni opereta.

Marx anaona mstari mmoja mkubwa. Mmiliki yuko upande mmoja, opereta wawili upande mwingine. Mhandisi anamsumbua: anauza nguvu za kazi kama opereta, ila anawasimamia wengine kwa niaba ya mtaji. Usimfiche mtu huyu. Marx mwenyewe aliona kwenye kampuni za hisa kwamba usimamizi unatengana na umiliki, kwa hiyo huwezi kusema hakulijua suala hilo. Unachoweza kusema ni kwamba mstari wake mmoja unamwelezea mhandisi kwa shida kuliko unavyomwelezea opereta.

Weber anawaona kwa namna nyingine. Kitabaka, mhandisi na opereta wametengana, maana ujuzi wa mhandisi unamnunulia fursa za maisha ambazo opereta hazipati. Kihadhi, mmiliki mwenyewe ana tatizo. Tuseme familia za kale zenye majina zimemwalika kwenye sherehe, akaja na nguo zile zile, akazungumza kama wao, na bado akakalishwa meza ya pembeni. Weber alilieleza jambo hili: tajiri mpya hapokelewi kikamilifu hata akiiga mtindo wao wote wa maisha. Watakaopokelewa ni watoto wake, waliolelewa katika desturi hizo na ambao hawajawahi kujichafua kwa kuhangaikia pesa. Na katibu wa chama? Mali hana, hadhi kwenye sherehe ile hana, lakini akisema kazi isimame, kiwanda kinasimama. Hiyo ni nguvu inayopita kwenye mfereji wa tatu.

Halafu ongeza kinachowapita wengi. Weber anakiri kwamba ingawa mali peke yake haitoi hadhi papo hapo, kadiri muda unavyokwenda inaitoa kwa ukawaida wa kushangaza. Maana yake ni kwamba meza ya pembeni ni ya kizazi kimoja. Hapa Weber anamkaribia Marx kuliko insha nyingi zinavyokubali, na ukilionyesha, ulinganisho wako utakuwa na kufanana pia. Swali lililosema "linganisha" lilitaka vyote viwili.

Hatua ya 6: Andika aya kwa aya

Aya dhaifu inasoma hivi: "Marx alisema kuna mabepari na wafanyakazi. Weber alisema kuna tabaka, hadhi na chama. Hivyo Weber ana mtazamo mpana zaidi." Hakuna kilicholinganishwa pale, na neno "pana" halina kipimo.

Aya yenye uzito inasoma hivi: "Wote wawili wanakubali kwamba umiliki wa mali unawatenga watu. Wanatofautiana kuhusu mahali utengano huo unapotokea. Kwa Marx unatokea katika uzalishaji, pale ziada inapochukuliwa, na ndiyo maana matabaka yanagombana. Kwa Weber unatokea sokoni, pale watu wenye vitu tofauti vya kuuza wanapopata fursa tofauti za maisha, na ugomvi ni jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Mhandisi asiye na hisa anaionyesha tofauti hii: mmoja anauliza anachukua ziada ya nani, mwingine anauliza ujuzi wake unauzwa bei gani."

Aya nne za namna hiyo, moja kwa kila swali la hatua ya 2, pamoja na utangulizi na hitimisho, zinatosha.

Hatua ya 7: Mwanafikra wa tatu, kwa tahadhari

Kama swali limesema "wanafikra wa kale" bila kutaja majina, ongeza Durkheim. Katika kitabu chake cha mwaka 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi, anazungumzia mgawanyo wa kulazimishwa: watu wanawekwa kwenye kazi kwa kuzaliwa na si kwa vipaji vyao, na mshikamano unaharibika. Kwa Durkheim tatizo si kuwepo kwa tofauti, ni tofauti zisizolingana na uwezo.

Davis na Moore (1945) wanadai kwamba jamii inatoa malipo makubwa ili kuvutia wenye vipaji kwenye kazi muhimu. Tumin aliwajibu mwaka 1953 akiuliza umuhimu huo unapimwaje, na vipi kuhusu vipaji ambavyo utabaka wenyewe unavizuia visionekane. Hawa si wa kale. Wataje pale swali linapodai mtazamo wa uamilifu, vinginevyo wanakula dakika zako.

Hatua ya 8: Hitimisho lenye hukumu

Usirudie ulichosema. Amua nani anaeleza nini vizuri zaidi. Langu huwa hivi: Marx anaeleza vizuri kwa nini kutokuwa sawa kunazaliwa upya kila siku ya kazi, Weber anaeleza vizuri kwa nini watu wenye hali moja ya kiuchumi hawasimami pamoja. Wewe unaweza kuamua vingine, mradi hukumu yako itokane na aya zako.

Ukikwama

*Umesahau mwaka au jina la kitabu.* Usikisie. Andika "katika uchambuzi wake wa wakulima wa Ufaransa" na uendelee. Mwaka wa uongo unaonekana haraka kuliko mwaka uliokosekana.

*Swali linahusu nguvu peke yake.* Anza na fasili ya Weber, kisha mifereji mitatu, halafu mlete Marx kwa kuuliza kama mifereji hiyo ina chemchemi moja, yaani umiliki. Mpangilio umegeuka tu, maarifa ni yale yale.

*Swali limesema "tathmini" badala ya "linganisha".* Kila aya iishie na udhaifu. Kwa Marx tumia mhandisi. Kwa Weber uliza: kama kila tofauti ya hali sokoni inaweza kutoa tabaka, tuishie wapi kuhesabu? Weber mwenyewe alilazimika kuzikusanya hali hizo kwenye matabaka manne ya kijamii: wafanyakazi, mabepari wadogo, wasomi na wataalamu wasio na mali, na waliopendelewa kwa mali na elimu.

*Zimebaki dakika kumi na umeandika Marx tupu.* Usianze historia ya Weber. Chukua mfano wa kiwanda, andika aya mbili: mhandisi kwa ajili ya soko, mmiliki kwenye meza ya pembeni kwa ajili ya hadhi. Katika kila aya mtaje Marx kwa sentensi moja ya kulinganisha. Katibu wa chama mwachie sentensi ya mwisho.